Barua ya wazi kwa waratibu wa usaili wa ufadhili Arusha na Moshi: mtoto wa mbali alale kwanza, ndipo apewe karatasi

Kwa wakurugenzi, waratibu na wajumbe wa majopo ya usaili wa ufadhili wa masomo mnaofanyia kazi zenu Arusha na Moshi.

Salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, naishi hapa Moshi. Mifuko mbalimbali ya ufadhili imekuwa ikiniita kusimamia mitihani ya mchujo, kusahihisha karatasi, na mara nyingine kukaa mezani pamoja na wajumbe wa jopo. Kwa hiyo nayaandika haya kama mtu aliyeiona kazi yenu kutoka ndani, na ninayeipenda. Nataka kuzungumzia jambo moja tu: namna mnavyozipanga siku za usaili kwa vijana waliomaliza kidato cha nne wanaotoka mikoa ya mbali. Naamini kwa dhati kwamba mpangilio wa siku hizo unawaondoa vijana wenye uwezo kabla hamjapata nafasi ya kuwafahamu.

Ratiba iliyozoeleka mnaijua. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, maombi yakapokelewa Februari, na usaili ukafanyika Machi au Aprili ili mambo yawe tayari kabla kidato cha tano hakijaanza Julai. Walioitwa hutakiwa kuripoti Jumatatu saa 2 asubuhi. Hapo hapo hufanya mtihani wa hisabati na Kiingereza. Karatasi husahihishwa mchana, na ikifika saa 10 jioni majina ya waliovuka hubandikwa ubaoni. Ambaye jina lake halipo hufunga begi. Waliobaki huhojiwa Jumanne na Jumatano, kwa kufuata alfabeti.

Kwa kijana wa Marangu au wa Usa River hakuna tatizo. Amelala kitandani kwake, amekunywa chai ya nyumbani, ameletwa na coaster ya asubuhi. Asipoliona jina lake ubaoni, magharibi inamkuta nyumbani. Sasa niwaeleze ratiba hiyo hiyo ilivyokuwa kwa binti mmoja wa wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, ambaye mdogo wangu anayefundisha kule aliniomba nimpokee. Mfuko uliomwita sitautaja, kwa sababu ratiba yake haina tofauti na ya mingine mingi.

Ujumbe wa simu ulimfikia mama yake Alhamisi jioni: afike Moshi Jumatatu saa 2 asubuhi, nauli atarudishiwa akionyesha tiketi. Ijumaa yote ikaishia katika kutafuta nauli, na mama akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Jumamosi alfajiri binti akaondoka Kibondo, akapita Kakonko na Nyakanazi, akafika Kahama jioni na kulala kwenye gesti ya karibu na stendi, peke yake, msichana wa miaka 17. Jumapili saa 12 asubuhi akapanda basi la Arusha. Njia yake ni ile ya Nzega, Singida, Katesh na Babati, na ilikuwa masika, mvua ikinyesha. Waliingia Arusha saa 4 usiku. Hakuthubutu kutoka stendi, akaomba alale ndani ya basi pamoja na abiria wengine wawili watatu waliokuwa wakisubiri kuche. Saa 11 alfajiri akapata coaster ya kwanza ya Moshi. Saa 2 kasoro dakika chache alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mtihani na begi mgongoni, hajaoga, hajala kitu cha moto tangu Singida.

Namba yangu alikuwa nayo, lakini hakunipigia usiku ule. Nilipomuuliza baadaye, alijibu, "Shikamoo ya saa 5 usiku nitaitoaje, mwalimu? Niliona aibu." Hicho nacho ni kitu cha kufikiriwa na anayepanga mapokezi. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwamsha mtu mzima asiyemfahamu, hata kama amepewa namba.

Mtihani ulikuwa na maswali 40 ya majibu mafupi, na mstari ukawekwa kwenye alama 24. Yeye alipata 22. Jioni alifika kwangu, akala, akalala mpaka saa 3 asubuhi. Fedha ya nauli hakurudishiwa, maana masharti yalisema watakaorudishiwa ni waliofika hatua ya mahojiano. Siku ya tatu nilimpa maswali yangu ya kiwango kile kile, mezani kwangu, saa mkononi. Alipata zaidi ya alama 30. Sisemi hilo ni ushahidi. Maswali hayakuwa yale yale, na mtu asiye na woga hufanya vizuri zaidi. Nililotaka kuona ni aina ya makosa. Kwenye karatasi ya Jumatatu, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amekwama kwenye maswali ya mafumbo ya hisabati, yale yanayomtaka mtu ashike vitu vitatu au vinne kichwani kwa wakati mmoja: bei ya awali, punguzo, idadi, halafu faida. Kwangu maswali ya aina hiyo aliyapita bila shida. Aliyekosa usingizi anaweza kuumia hapo. Kanuni aliyoikariri anaweza kuikumbuka, akajumlisha na kutoa vizuri, lakini swali la hatua nyingi likamponyoka katikati. Nanyi, kwa sababu nzuri kabisa, maswali ya hatua nyingi ndiyo mnayoyapenda, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha nani anafikiri.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili limezidi kuwa baya. Zamani mwombaji wa mbali alilazimika kulala njiani, na mwaliko ulilazimika kumpa siku ya ziada. Sasa nimewasikia waratibu wakisema, "Apande basi la usiku, ataingia alfajiri, atawahi." Ni kweli atawahi. Lakini atakuwa amekesha ameketi, na mwenzake wa jirani aliyelala kwa muda wa saa nane anafanya naye mtihani ule ule, na karatasi zao zinapangwa kwenye orodha moja kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye zile alama 22 na 24, kwa kuwa hii ndiyo fani yangu. Tuchukue mtoto ambaye kweli anajua mambo 6 katika kila 10 ya silabasi mnayopima. Ukimpa maswali 40 yenye ugumu unaokaribiana, tunategemea apate 24. Lakini maswali 40 ni sampuli tu ya yale ambayo mngeweza kumuuliza. Siku moja yatakuja mengi anayoyajua, siku nyingine machache. Ukipiga hesabu ya uwezekano, mtoto huyo huyo, akiwa amelala vizuri na hana tatizo lolote, mara 7 hivi kati ya 10 atapata alama zilizo kati ya 21 na 27, na mara zilizobaki atatoka hata nje ya hapo. Maana yake, 22 na 24 katika mtihani wa urefu huo haziwatofautishi watoto wawili. Karatasi haina uwezo wa kuona kitu kidogo kiasi hicho. Sasa ongeza uchovu wa siku mbili barabarani juu ya hali hiyo. Huyu ameondolewa kwa tofauti ambayo ni ndogo kuliko makosa ya kipimo chenyewe, na ameondolewa saa 10 jioni, kwenye mji asio na ndugu.

Ombi langu la kwanza, basi, ni kwamba msimkate mtu kwa mtihani baada ya kumsafirisha. Kama lazima mkate, mkate akiwa bado kwao.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao vyenu: fedha haitoshi kuwahoji wote. Ni hoja ya kweli, nami siipuuzi. Ndiyo maana naona njia bora ni kuupeleka mtihani kwa waombaji badala ya kuwaleta waombaji kwenye mtihani. Chagueni vituo vichache, kwa mfano Kigoma, Mwanza, Mbeya na Mtwara, pamoja na Moshi yenyewe. Mpateni mkuu wa shule moja kila kituo, mumlipe posho, mumtumie karatasi kwenye bahasha zilizofungwa kwa lakiri, na mtihani ufanyike siku moja na saa moja kila mahali. Ufanyike saa 4 asubuhi, ili hata anayetoka kijijini kuja mjini Kigoma aweze kufika siku ile ile bila kuamka usiku wa manane. Shule zetu zinasimamia mitihani ya taifa kila mwaka kwa utaratibu wa namna hiyo, kwa hiyo walimu wa kuifanya kazi hii wapo, nao wanaijua. Wakivuka 25, ndio hao 25 mnaowasafirisha, na mkishawasafirisha mnawasikiliza wote. Wasiwasi wa kwamba mtu alifanyiwa mtihani na mwingine unatibika kirahisi: wakifika Moshi wape nusu saa waandike ukurasa mmoja na kufanya maswali matano mbele yenu. Hiyo haiingizwi kwenye alama. Ni ya kulinganisha mwandiko na uwezo tu, na anayedanganya huonekana.

Na mstari wenu wa alama uacheni uwe mpana. Kama mstari ni 24, wote wa 21 kwenda juu waangaliwe pamoja na taarifa nyingine mlizo nazo, yaani matokeo ya kidato cha nne na shule waliyotoka. Daraja la pili kutoka shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili ni habari kubwa kuliko alama mbili za mtihani wenu.

Kama hamwezi kufungua vituo mwaka huu, basi fanyeni angalau hili la pili: siku ya kwanza iwe ya kupokelewa tu. Niwaonyeshe kwa hesabu kwamba inawezekana. Chukueni waombaji 60. Jumatano wanawasili, anayefika mchana na anayefika usiku, na hakuna kinachofanyika zaidi ya kula, kuoga, kuonyeshwa kitanda na kuonyeshwa chumba cha mtihani kilipo. Alhamisi saa 4 asubuhi mtihani, mchana kukagua vyeti. Ijumaa na Jumamosi mahojiano kwa wote 60. Mahojiano ya dakika 20, ukiongeza dakika 10 za wajumbe kuandika alama na kumwita mwingine, ni nusu saa kwa kila mtu. Jopo moja likiwahoji 10 kwa siku, ni saa 5 za kazi, wanaanza saa 3 asubuhi na kufikia saa 9 alasiri wamemaliza pamoja na mapumziko. Majopo matatu kwa siku mbili yanawamaliza 60. Jumapili alfajiri kila mtu yuko ndani ya basi. Kilichoongezeka ni usiku wa Jumatano, na siku za kukaa kwa wale ambao zamani mngewaondoa Jumatatu jioni.

Malazi nayo si lazima yawe hotelini. Mji huu na Arusha yote ina mabweni ya shule ambayo wakati wa likizo huwa wazi, na hosteli za makanisa ambazo ukizungumza nao mapema watakupunguzia bei. Wasichana wawe na matroni anayelala nao jengo moja, na namba ya huyo matroni iandikwe kwenye barua ya mwaliko ili mzazi aongee naye kabla mtoto hajaondoka. Kila basi lipokelewe stendi na mtu aliyeshika karatasi yenye jina la mfuko, hata likiingia saa 6 usiku, ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya kulala stendi na kumwamsha mgeni. Waelezeni pia habari ya baridi. Arusha iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kijana wa Lindi au wa Kigoma mjini hajui kwamba Aprili usiku, mvua ikiwa imenyesha, atahitaji sweta.

Sasa nije kwenye siku za mahojiano, ambako mambo ni magumu zaidi kuliko yanavyoonekana, hata pendekezo langu mwenyewe lina mtego ndani yake.

Kuhoji kwa alfabeti ni desturi isiyo na sababu. Mwenye jina linaloanza na herufi ya mwisho, akitoka Mtwara, husubiri siku mbili kwa woga, analipia chakula, halafu anahojiwa wajumbe wakiwa wamechoka na wakitaka kufunga mafaili. Ni rahisi kusema basi wa mbali wahojiwe kwanza ili wawahi mabasi yao. Nilikuwa nikiliunga mkono wazo hilo, na bado naliunga mkono, ila kwa sharti. Maswali huvuja. Anayetoka chumbani saa 4 anaulizwa na wenzake uani, "Wameuliza nini?" na kufikia jioni maswali yote yako kwenye makundi ya simu ya vijana wa mjini. Wakitangulia wa mbali, wao ndio wanaokutana na maswali mapya, na wenyeji wa siku ya pili wanakuja wamejiandaa. Kwa hiyo anayepanga wa mbali mbele bila kugusa maswali anakuwa amewaumiza wale wale aliokusudia kuwasaidia.

Dawa yake ni kuandaa seti mbili za maswali yenye uzito sawa, moja ya Ijumaa na nyingine ya Jumamosi, zote zikipima vigezo vile vile. Kama Ijumaa unauliza, "Tueleze jambo ulilolianza likakushinda, ukafanyaje?", Jumamosi uliza, "Tueleze mara moja uliyolazimika kujifunza kitu bila mwalimu." Zote zinatafuta ustahimilivu, lakini aliyekariri jibu la kwanza halimfai kwenye la pili. Kisha waliohojiwa watokee mlango mwingine, na wanaosubiri wakae mahali pasipopitwa na waliomaliza. Nimeona dalili ya uvujaji kwenye karatasi za alama: wastani wa siku ya pili unapanda kwa majopo yote, na majibu yanaanza kufanana hata maneno. Mkiona hivyo, jueni ni maswali yamewatangulia chumbani.

Majopo matatu nayo yana shida yake. Kuna jopo kali na jopo lenye huruma. Tuseme jopo la kwanza wastani wake ni alama 31 kati ya 50, na la pili 25. Mtoto aliyepata 30 kwa jopo la kwanza yuko chini ya wastani wa pale. Aliyepata 29 kwa jopo la pili yuko juu ya wastani kwa alama nne. Mkiwapanga wote kwenye orodha moja, wa 30 anapata na wa 29 anakosa, na kosa lake ni kuingia chumba kile. Hili linarekebishika kama tu waombaji waligawanywa kwa kura, kwa sababu hapo tunaweza kuamini kwamba tofauti ya wastani, ikiwa kubwa hivyo, inatoka kwa wajumbe, na kila mtu apimwe dhidi ya wastani wa jopo lake. Lakini nimeona mkigawanya kwa mikoa: Kanda ya Ziwa na Kigoma chumba hiki, Kusini chumba kile, Kilimanjaro, Arusha na Manyara kingine. Mnafanya hivyo ili wajumbe wayajue mazingira ya mtoto, nia njema kabisa, ila matokeo yake hakuna mtu awezaye tena kujua kama watoto wa Kigoma walikuwa dhaifu au jopo lao lilikuwa kali. Gawanyeni kwa kura.

Na kabla ya mwombaji wa kwanza kuingia, wajumbe wote wakae pamoja saa moja, wawahoji vijana wawili mnaowafadhili tayari, kila mmoja aandike alama zake kimya, ndipo wazifunue na kujadiliana kwa nini mmoja ametoa 8 na mwingine 4 kwa jibu lile lile. Siku ile ile ya usaili utaratibu uwe huo huo: andika kwanza, jadili baadaye. Pale mwenyekiti anaposema "huyu mzuri sana" kabla wengine hawajaandika, alama tano zinageuka kuwa alama moja iliyoandikwa mara tano.

Kuna jambo lingine kwenye meza ya mahojiano linalowaumiza wa mbali, nalo ni heshima yao. Kijana wa kijijini anapoongea na wazee watano huangalia chini, hujibu kwa kifupi, husubiri aruhusiwe kuendelea. Nimesoma kwenye karatasi za alama "hajiamini" mbele ya jina la mtoto ambaye kosa lake ni malezi mema. Mwenzake wa shule ya mjini aliyezoea midahalo anaandikiwa "kiongozi". Mwambieni mtoto mwanzoni kabisa kwamba leo anaruhusiwa kuwaangalia, kubisha na kuuliza, na mwacheni azungumze Kiswahili dakika 10 za kwanza. Kiingereza chake mlishakipima kwenye karatasi, hakuna haja ya kukipima mara ya pili kwa jina la kujieleza. Halafu kigezo cha kujiamini kifuteni kwenye fomu. Wekeni mahali pake kitu kinachoweza kuonekana: je, ametoa mfano wake mwenyewe, je, ameeleza hatua alizochukua, je, alipoulizwa zaidi aliongeza kitu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu halihitaji maelezo mengi. Nauli itumwe kabla ya safari, kwa simu, kwa kila aliyeitwa. Utaratibu wa kurudishiwa unadhania kwamba familia inayoomba ufadhili kwa sababu haina fedha, ina fedha za kuwakopesha nyinyi kwa wiki nzima. Wapo wanaoitwa na hawaji, nanyi huwaandika "hakuripoti". Wapigieni wachache muulize sababu. Mtakayoyasikia ni habari za nauli.

Mwaliko nao ufike wiki tatu kabla, si siku nne, na uwe na tarehe ya akiba. Msimu mnaoutumia ni wa masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mtoto wa Newala aliyeitwa Moshi wiki ile asingefika kwa namna yoyote. Mfuko usio na tarehe ya akiba ungemhesabu kuwa amejiondoa mwenyewe.

Nafahamu kwamba baadhi yenu mwaka huu bajeti imeshafungwa na ukumbi umeshalipiwa. Kama ni hivyo, chagueni mambo mawili yenye gharama ndogo: hamisheni mtihani kutoka Jumatatu asubuhi kwenda Jumanne asubuhi, Jumatatu iwe ya kuwasili, na mgawanye majopo kwa kura. Kwa upande wa mapokezi, sisi walimu wastaafu wa Moshi tupo, na wengi tunakaa karibu na mjini. Nimeshazungumza na wenzangu kadhaa, wako tayari kusimama stendi kwa zamu usiku wa kuwasili, bila malipo, na wake zetu wapo tayari kuwapokea wasichana mpaka matroni atakapofika. Tunachohitaji ni orodha ya majina, mabasi waliyopanda, na tarehe, mapema kidogo, ili tupangane.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Moshi